Kabla Boila Haijawashwa: Barua ya Wazi kwa Msimamizi wa Vipimo na Udhibiti

Kwa Mhandisi Msimamizi wa Vipimo na Udhibiti. Nakala kwa viongozi wa zamu ya boila.

Mkuu,

Masika yanakwisha, na matengenezo ya mwaka yanakwisha nayo. Waashi wanamalizia matofali ya tanuri, mafundi mitambo wanafunga milango ya boila, na wakulima wa nje wameshaanza kuulizia ratiba ya kuleta miwa. Muwa ukishakatwa haungoji. Kila siku unayolala shambani au juu ya tela unapoteza sukari, na kila mtu kiwandani analijua hilo, kuanzia meneja hadi dereva wa trekta. Ndiyo maana wiki ya kuwasha kiwanda huwa na haraka zake. Ndiyo maana pia mhandisi mdogo wa idara ya udhibiti, aliyemaliza msimu wake wa kwanza tu hapa, ameona aandike sasa, haraka hizo zisije zikamkuta hajasema.

Anaomba jambo moja. Kabla moto wa kwanza haujawashwa, kila lupu inayoilinda boila ikaguliwe kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kwa utaratibu ulioandikwa, na karatasi yake itiwe saini na watu walioona kwa macho yao.

Kwa wasomaji wa barua hii wasiofanya kazi kwenye vipimo, lupu ni njia nzima unayopita ujumbe mmoja. Transmita iliyofungwa kwenye boila inapima kitu, tuseme kimo cha maji ndani ya dramu la mvuke. Inageuza kipimo hicho kuwa mkondo wa umeme wa kati ya miliampia 4 na 20. Mkondo unapita kwenye kisanduku cha waya, unaingia kabati la chumba cha udhibiti, unasomwa na kadi ya kompyuta, kisha namba inatokea kwenye skrini ya opereta. Kompyuta inalinganisha namba hiyo na ile inayotakiwa, inaamua, na kutuma mkondo mwingine kurudi nje hadi kwenye vali ya maji ya kulisha boila. Kila kiungo kwenye njia hiyo kinaweza kuwa kizima, na lupu yenyewe bado ikawa mbovu.

Kwa sasa kinachofanyika ni nusu ya kazi. Transmita hufunguliwa, hupelekwa karakana, hupimwa mezani na kubandikwa stika ya tarehe. Baadaye hurudishwa mahali pake, waya hufungwa, na fundi aliye chumba cha udhibiti akiona namba fulani kwenye skrini huhesabu kwamba kazi imekwisha. Lakini katika miezi ile ya matengenezo mambo mengi hutokea kati ya boila na skrini. Wachomeleaji huomba waya ziondolewe ili zisiungue. Panya hutafuna kebo kwenye trei. Pozishona ya vali huharibika na kubadilishwa na nyingine kutoka stoo. Fundi huweka jampa kwenye kabati ili pampu ijaribiwe peke yake, halafu zamu yake inakwisha. Stika ya karakana haijui lolote kati ya haya.

Msimu uliopita jambo hili lilionekana wazi kwenye boila namba mbili. Tangu asubuhi ya kuwasha, skrini ilionyesha dramu limejaa, na alamu ya maji mengi ikawa inalia. Opereta aliyekuwa zamu aliizima sauti, kwa sababu kila mtu anajua kwamba boila ikiwa baridi kipimo husoma juu kidogo, na wenzake walimwambia kikipata moto kitashuka. Moto ulishika, presha ikaanza kupanda, na namba haikushuka. Ilibaki asilimia 103, haitikisiki. Ni opereta huyo huyo aliyetoka nje, akapanda ngazi hadi kwenye kioo cha kuonea maji, akayakuta maji yako kwenye ukingo wa chini kabisa wa kioo. Alisimamisha feni na vilishio vya makapi ya miwa, akafungua maji kwa mkono. Hakuna aliyeumia na hakuna bomba lililoungua. Chanzo kilipotafutwa, ilikutwa vali ndogo ya kusawazisha kwenye manifoldi ya transmita ilikuwa haijafungwa sawasawa baada ya mabomba ya kipimo kusafishwa.

Hapa ndipo panapostahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu kosa hilo halikuwa la bahati mbaya tu. Maumbile ya kipimo chenyewe ndiyo yanayolifanya liwe la hatari, na hesabu yake si ngumu.

Transmita ya kimo cha maji kwenye dramu haioni maji. Inapima tofauti ya presha kati ya mabomba mawili. Moja linatoka sehemu ya chini ya dramu, penye maji. Jingine linatoka juu, penye mvuke. Bomba hili la juu huachwa lijae maji ya mvuke uliopoa, ili uzito wake usibadilike, na kwa hiyo huitwa bomba la rejea. Kwenye boila namba mbili umbali kati ya matundu hayo mawili ni milimita 600. Maji ya bomba la rejea, yakiwa na joto la karibu nyuzi 40, hukandamiza sawa na milimita 595 za maji ya kawaida ya kupimia. Ndani ya dramu mambo ni tofauti. Boila ikifanya kazi kwa presha ya baa 21, maji yake yana joto la nyuzi 217 hivi, na mita moja ya ujazo ina uzito wa takriban kilo 844 badala ya 1,000. Mvuke ulio juu yake una kilo 11 tu.

Kwa hiyo maji yakiwa kwenye tundu la chini, upande wa dramu una mvuke mtupu unaokandamiza sawa na milimita 7, na tofauti kati yake na bomba la rejea ni hasi 588. Maji yakifika tundu la juu, upande wa dramu unakandamiza sawa na milimita 506, na tofauti ni hasi 89. Transmita imepangwa hivyo: hasi 588 ni miliampia 4, hasi 89 ni miliampia 20, na katikati, hasi 338, ni miliampia 12. Namba zote ni hasi. Sifuri haimo kabisa ndani ya masafa yake. Iko juu ya asilimia 100.

Vali ya kusawazisha ikiachwa wazi, presha za pande mbili zinakuwa sawa, na tofauti inakuwa sifuri. Kwa transmita hii, sifuri maana yake dramu limejaa hadi kupitiliza. Inapandisha mkondo hadi kikomo chake cha juu, miliampia 20.5, na skrini inaonyesha asilimia 103. Hata bomba la rejea likiwa tupu, kwa sababu lilifunguliwa na hakuna aliyelijaza, matokeo ni yale yale. Kompyuta inaamini dramu limefurika, inafunga maji ya kulisha, na wakati huohuo moto unachemsha maji yaliyobaki. Kinga ya maji kidogo, ikitegemea transmita hiyohiyo, haiwezi kuizima boila, kwa sababu kwa mujibu wake maji ni tele. Makosa mawili ya kawaida kabisa ya fundi aliyechoka yote yanaelekea upande mmoja, upande wa kuikausha boila.

Lile jibu la "ni baridi tu" nalo lina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu lilimpoteza kila mtu. Dramu likiwa na maji baridi nusu, milimita 300, tofauti ni takriban hasi 296, na skrini itaonyesha asilimia 58 wakati kioo kinaonyesha 50. Hilo si kosa. Transmita imepangiwa maji ya moto, na maji baridi ni mazito zaidi. Fundi asiyejua hesabu hii anaweza kuona tofauti hiyo asubuhi ya kuwasha, akachukua kifaa chake na kusogeza sifuri hadi skrini iseme 50. Ameharibu kipimo kizuri. Boila ikifika kwenye presha yake, kompyuta itashikilia 50 kwenye skrini huku maji yakiwa juu zaidi kwa karibu sentimita 5, na matone yake yataanza kusafiri na mvuke kuelekea kwenye turbini. Kinachotakiwa ni namba inayotarajiwa iandikwe kwenye karatasi ya ukaguzi: dramu baridi, kioo nusu, skrini 58. Asilimia 58 ikionekana, kila kitu ni sawa. Ikionekana 103, moto usiwashwe.

Mwandishi wa barua hii anapendekeza ukaguzi wa lupu hiyo uende namna ifuatayo, na lupu nyingine zifuate mfano huo kadiri zinavyofanana nayo.

Watu ni wawili, wenye redio. Mmoja yuko juu kwenye transmita, mwingine yuko mbele ya skrini. Kabla ya kugusa chochote, aliye juu anaandika hali aliyoikuta: namba ya kibao, masafa yaliyomo ndani ya transmita, vali zipi za manifoldi ziko wazi na zipi zimefungwa. Aliye chini anasoma kwenye kompyuta masafa ya transmita hiyo, LT-101, na mipaka ya alamu, na wanalinganisha kwa sauti. Kisha aliye juu anafunga vali za kutenga, anaunganisha pampu ya mkono yenye geji ya uhakika, na kusukuma presha halisi. Haitoshi kuunganisha kifaa cha kutoa miliampia kwenye kabati, ingawa ni rahisi na hakuna kupanda ngazi. Kifaa hicho hukagua kadi na skrini tu, na huacha nje transmita, manifoldi na waya wote wa boila.

Presha inapandishwa kwa hatua tano, kisha inashushwa kwa hatua zilezile: hasi 588, hasi 463, hasi 338, hasi 214, hasi 89. Kila hatua aliye juu anataja kwenye redio alichokisukuma, na aliye chini anataja alichokiona bila kuambiwa kwanza kinatakiwa kiwe nini. Mpangilio huo ni muhimu kuliko unavyoonekana. Mtu akishaambiwa "iko hamsini?" macho yake yatakubali 49 na 52 bila kuandika. Njiani, alamu za juu na za chini zinapolia, mipaka yake halisi inaandikwa, na anayeandika anahakikisha kwamba zimelia kwenye chumba cha udhibiti pia, mbali na kubadilika rangi tu kwenye ukurasa ambao hakuna aliyeufungua.

Hatua tano zina faida ambayo mbili hazina. Chukua lupu ya mtiririko wa maji ya kulisha. Kipimo chake hutokana na tofauti ya presha kwenye bamba lenye tundu, na mtiririko hulingana na kipeuo cha pili cha tofauti hiyo. Hesabu ya kipeuo inaweza kufanyika ndani ya transmita au ndani ya kompyuta. Ikifanyika kote kuwili, namba inaharibika. Lakini ukikagua kwa sifuri na kwa asilimia 100 hutaona kitu, kwa sababu pande zote mbili zinakubaliana hapo. Sukuma robo ya presha: skrini sahihi itaonyesha nusu ya mtiririko, asilimia 50. Ikionyesha karibu 71, kipeuo kimetolewa mara mbili. Transmita mpya kutoka stoo huweza kuja na mpangilio wake wa kiwandani, na kosa hili likaingia bila mtu yeyote kulikusudia.

Baada ya kipimo inafuata vali. Vali ya maji ya boila hii imechaguliwa ifunguke hewa ikikatika, na uchaguzi huo ni wa busara. Makapi ya miwa yaliyoko kwenye wavu wa tanuri huendelea kuwaka hata vilishio vikisimama, kwa hiyo boila ni afadhali ipate maji mengi kuliko isipate kabisa. Lakini matokeo yake ni kwamba ishara inakwenda kinyume: miliampia 4 ni vali wazi, 20 ni vali imefungwa, na kompyuta ndiyo inayogeuza ili opereta aone asilimia 100 kuwa wazi. Ikibadilishwa pozishona na mpya ikapangwa kwa njia ya kawaida, vali itafunga kila kompyuta inapoomba maji. Kwenye skrini hakuna kitakachoonekana vibaya, kwa sababu skrini inaonyesha agizo tu na haioni mahali vali iliposimama. Dawa yake ni mtu kusimama kwenye vali, macho kwenye kipimo cha shina, na kutaja anachokiona: sifuri, robo, nusu, robo tatu, wazi. Mwisho wake anafunga hewa kwenye bomba la kulisha pozishona, na vali lazima iende wazi yenyewe.

Kinga ya maji kidogo ijaribiwe kwa maji yenyewe. Boila ikiwa baridi na feni zikizunguka bila moto, maji yashushwe taratibu kwa vali ya chini huku mtu akitazama kioo, hadi feni na vilishio vizime vyenyewe. Elektrodi za maji kidogo, ambazo ni kinga ya pili isiyotegemea transmita, zijaribiwe katika ushushaji wa pili, zikiwa peke yake. Kazi hii inachukua muda kuliko kubonyeza kitufe cha majaribio. Inaonyesha pia jambo ambalo kitufe hakiwezi kulionyesha, yaani kwamba maji yanafika kweli kwenye elektrodi na bomba lake halijazibwa na magamba ya chumvi.

Halafu inakuja sehemu ambayo mwandishi anaomba ipewe uzito kuliko zote, nayo ni kurudisha. Ukaguzi wenyewe unaweza kuwa chanzo cha hatari, kama ilivyotokea pale mabomba yaliposafishwa. Vali ya kusawazisha inafungwa, bomba la rejea linajazwa maji, vali za kutenga zinafunguliwa, jampa zinaondolewa, na ishara zote zilizolazimishwa kwenye kompyuta zinaachiliwa. Hayo yafanywe na fundi aliyekagua, lakini yathibitishwe na mtu wa tatu ambaye hakushika kazi hiyo, akigusa kila mpini kwa mkono wake. Saini yake iwe tofauti na saini ya ukaguzi.

Yapo matukio mawili ya mwaka 2005 ambayo wahandisi wa udhibiti duniani kote huyasoma hadi leo, na yote mawili yanahusu kazi hii hii.

La kwanza ni la tarehe 23 Machi 2005 katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City, Marekani. Siku hiyo kitengo kimoja kilikuwa kinawashwa baada ya matengenezo. Mnara wenye urefu wa takriban mita 52 uliendelea kujazwa kimiminika huku njia ya kutokea ikiwa imefungwa. Transmita ya kimo ilipangiwa sehemu fupi ya chini ya mnara tu, na ilikuwa imepimwa kwa uzito wa kimiminika usiolingana na kile kilichokuwamo. Kimiminika kilipopita juu ya masafa yake na kupata moto, namba kwenye skrini ilianza kushuka polepole. Waendeshaji walisoma chini ya mita 3 wakati mnara ulikuwa na mita 48 hivi. Swichi ya pili ya kimo cha juu haikulia, na kioo cha kuonea kilikuwa kichafu kiasi cha kutosomeka. Kimiminika kilifurika, mvuke wake ukashika moto, watu 15 wakafa na 180 wakajeruhiwa. Bodi ya uchunguzi ya Marekani ilikuta kwamba ukaguzi wa vipimo na alamu uliotakiwa kabla ya kuwasha haukukamilika. Mafundi waliambiwa kitengo kinawashwa na muda hakuna, na karatasi ya kuwasha ikatiwa saini kana kwamba kazi ilikuwa imefanyika.

La pili lilitokea tarehe 11 Desemba mwaka huohuo kwenye ghala la mafuta la Buncefield, kaskazini mwa London. Tangi la petroli lilikuwa linajazwa usiku, na geji yake ikakwama sehemu moja huku mafuta yakipanda. Palikuwa na swichi ya akiba iliyotakiwa kusimamisha kila kitu, lakini haikufanya kazi. Swichi hiyo ilikuwa na mkono wa majaribio uliohitaji kufuli ili ushikiliwe mahali pake. Waliohusika nayo hawakuelewa kazi ya kufuli hiyo, haikuwekwa, na mkono ukakaa mahali ambapo swichi haiwezi kuhisi chochote. Mlipuko wa alfajiri ile ulijeruhi watu zaidi ya 40. Kwa bahati ilikuwa Jumapili na maofisi ya jirani yalikuwa matupu.

Hakuna anayesema boila ya sukari ni sawa na ghala la petroli. Lakini namba iliyosimama bila kutikisika wakati kitu kinapanda au kushuka, na kifaa kilichoguswa kikaachwa vibaya, hivyo vyote vimeshaonekana kwenye ngazi za boila namba mbili.

Muda ndio hoja itakayotolewa kwanza, na ni ya haki. Kiwanda kina mamia ya lupu, na kuzikagua zote kwa namna hii kabla ya kuwasha hakuwezekani. Mwandishi haombi hivyo. Anaomba zile ambazo zikidanganya zitaumiza mtu au kuunguza boila: kimo na presha ya dramu, mtiririko wa maji ya kulisha, kimo cha tangi la kutoa hewa, presha ya tanuri, joto la mvuke na kinga zote za kuzima. Kwa boila zote mbili hizo ni 24. Ukipiga dakika 45 kwa kila moja, ni saa 18 za kazi. Timu mbili zikifanya pamoja, ni saa 9. Ongeza nusu siku ya kushusha maji na kujaribu kinga, na jumla haizidi siku mbili. Vipimo vya joto vya vihita vya juisi, geji za matangi ya molasi na vingine vya aina hiyo vinaweza kusubiri majaribio ya maji, ambayo hufanyika hata hivyo.

Siku hizo mbili hazihitaji kuongezwa mwishoni mwa ratiba. Lupu inaweza kukaguliwa mara tu wachomeleaji wanapoondoka sehemu yake. Kinachotakiwa ni kwamba baada ya saini, mtu yeyote anayetaka kufungua waya au vali ya lupu hiyo aombe kibali upya, na karatasi ya zamani ifutwe. Utaratibu wa namna hii una msingi wake pia katika kiwango cha kimataifa cha IEC 62382, kinachohusu ukaguzi wa lupu za umeme na vipimo kwenye viwanda.

Kuna mambo ambayo ukaguzi huu hautayagundua, na ni vema yajulikane mapema ili karatasi isije ikaaminiwa kupita kiasi chake. Hautaonyesha kama kompyuta imepangwa vizuri kuzima mawimbi ya maji wakati mzigo wa mvuke unabadilika ghafla. Hautaonyesha vali inayokwama ikipata joto. Wala hautaondoa tofauti ya usomaji katika saa za kupandisha presha, kwa sababu kompyuta yetu haifanyi masahihisho ya uzito wa maji kadiri presha inavyobadilika. Kwa saa hizo opereta anaendelea kutegemea kioo. Kwa hiyo vioo vya pande zote mbili visafishwe na taa zake ziwake, na opereta awe na jedwali fupi la namba zinazotarajiwa kuanzia baridi hadi baa 21. Mwandishi ameshalikokotoa na yuko tayari likaguliwe na msimamizi kabla ya kubandikwa.

Mkuu, ombi lenyewe basi ni dogo. Utaratibu ujaribiwe kwanza kwenye boila namba mbili peke yake, kwa lupu zake 12, wiki ya mwisho ya matengenezo. Mafundi vipimo wawili watolewe kwa kazi hiyo bila kuitwa kwingine, na kiongozi wa zamu ya boila ateuliwe kuwa mtu wa tatu wa kuthibitisha kurudisha, maana yeye ndiye atakayekaa mbele ya skrini moto ukiwaka. Karatasi zikikamilika ziwekwe kwenye faili la kuwasha, na kiongozi huyo awe na mamlaka ya kukataa kuwasha kama kuna moja inayokosekana, hata kama miwa imeshafika getini.

Lipo la haraka kuliko hayo yote. Jukwaa la mabomba lililojengwa pembeni mwa dramu limepangwa kubomolewa Ijumaa hii, na bila jukwaa hilo hakuna anayeweza kuifikia manifoldi ya LT-101 akiwa na pampu ya mkono na geji. Mwandishi anaomba liachwe hadi lupu hiyo itiwe saini.